Shilingi 3,430,000 zilizopotea ndani ya Excel: kisa cha duka la vifaa vya ujenzi Pemba

Kisa hichi kimetokea Pemba, kwenye duka ambalo niliitwa kusaidia hesabu zake. Majina nimeyaondoa, mji sitoutaja, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha mtu nimeyabadili. Hesabu zenyewe na makosa yenyewe ndivo vilivokuwa.

## Duka lenyewe

Ni duka la saruji, mabati, nondo, rangi, misumari na mabomba. Lina tawi dogo kwenye mji mwengine humuhumu kisiwani, na mzigo mwingi unatoka Unguja na Dar na kushuka bandari ya Mkoani. Mwenye duka ni mama mtu mzima, kila mtu anamwita bi mkubwa, ameanza na meza ya misumari na sasa ana watu watano. Dukani kuna keshia msichana anayeshika droo, wauzaji wawili, na mpwa wake ambaye ndie anayeingiza hesabu kwenye laptopu. Tawini kuna kijana mmoja peke yake, anauza, anapokea pesa, na usiku anapiga picha daftari lake anamtumia mpwa kwa WhatsApp.

Zamani kila kitu kilikuwa daftari. Mpwa alipotoka chuo akatengeneza faili la Excel, na ukweli halikuwa faili baya, lilikuwa na shiti ya mauzo, shiti ya matumizi na shiti ya mwisho inayosema pesa ngapi zinatakiwa ziwepo. Kitu kimoja cha kujua kuhusu Pemba, wateja wengi wa mabati wanachukua kwa mkopo na wanalipa msimu wa karafuu. Kwahivo kwa miezi mingi ya mwaka duka linauza sana na pesa hazionekani, na hilo peke yake linatosha kumchanganya mtu asiyezitenganisha hesabu za mauzo na hesabu za pesa.

## Ilivoanza

Mwisho wa mwezi mmoja, siku chache kabla ya Ramadhani, faili likasema droo, benki na simu kwa pamoja ziwe na shilingi 6,910,000. Bi mkubwa akahesabu mwenyewe, akapata 3,480,000. Pengo la 3,430,000. Kwa duka la kiasi kile hiyo si pesa ya kusema labda imedondoka.

Macho yote yakaenda kwa keshia. Hakuna aliyemwambia mwizi mbele ya uso wake lakini alikatazwa kufungua droo peke yake, na siku ya pili akaambiwa apumzike nyumbani kwanza. Wakati huohuo akaja muuza programu mmoja, akasema mfumo wake utazuia wizi, ufungaji 1,800,000 na kila mwezi 60,000. Bi mkubwa alikuwa tayari kulipa. Mpwa ndie aliyemwambia, mama mdogo ngoja kwanza mtu mwengine alitazame faili, na hapo ndipo nikaitwa.

## Nilichokiona kwenye faili

Sikuanza na droo. Nilianza kwenye shiti ya matumizi kwa sababu pengo la upande ule, yaani faili kusema pesa nyingi kuliko zilizopo, mara nyingi ni matumizi ambayo hayajaingia kwenye jumla. Nikateremka mstari kwa mstari, na kiasi cha mstari wa mia na kitu nikaona tarakimu zimeegemea kushoto. Kwenye Excel namba ikiwa ni namba hujipanga kulia, ikijipanga kushoto bila ya wewe kuamuru basi Excel imeisoma kama maneno. Nikabonyeza ile seli na juu ikasomeka hivi: `450,000/=`.

Kumbe mpwa alikwenda Unguja wiki mbili, na mdogo wake wa skuli ndie aliyeshika laptopu. Akaandika kama tunavoandika sote kwenye daftari, kiasi halafu alama ya `/=` mbele yake. Hakukosea kitu kwa desturi yetu. Lakini Excel ikishaona ile alama inaihesabu seli nzima kuwa ni maneno, na `SUM` inaruka maneno kimyakimya, haipigi kelele, haionyeshi wekundu, inajumlisha zilizobaki na kukupa jibu safi. Mistari kama hiyo ilikuwa 14: nauli ya mzigo, makuli wa bandarini, umeme, vibarua. Jumla yake 2,635,000.

Ukitaka kujua kama faili lako lina ugonjwa huu huna haja ya kupekua mstari kwa mstari kama mimi siku ile. Weka fomula hii seli yoyote ya pembeni, badala ya `F` weka safu yako ya kiasi:

```
=COUNTA(F2:F500)-COUNT(F2:F500)
```

Ya kwanza inahesabu seli zote zenye kitu, ya pili inahesabu zenye namba tu. Jibu likiwa sifuri uko salama. Siku ile sisi lilitoka 14.

Kilichobaki kilikuwa 795,000. Kwenye shiti ya mauzo nikakuta mauzo matatu ya mabati, 340,000 na 180,000 na 90,000, ambayo safu ya njia ya malipo iko tupu. Keshia alipopigiwa simu akasema hapohapo, hizo ni za mkopo, zimo kwenye daftari la madeni, na kweli zimo kwa mkono wake na saini za wateja. Fomula ya mpwa ilikuwa inajumlisha mauzo yote ambayo hayakuandikwa mkopo kama pesa iliyoingia. Hiyo ni 610,000 nyengine ambayo haijawahi kufika dukani kwa hiyo haiwezi kuibiwa.

Ikabaki 185,000. Hiyo tuliitafuta siku mbili na hatukuipata. Inawezekana ni matumizi madogomadogo yasiyo na karatasi, inawezekana mtu kachukua. Sikutaka kuipachika jina.

Keshia aliitwa arudi kazini na bi mkubwa akamuomba radhi mbele ya wote, akamwambia, "Mwanangu nisamehe, nimekudhania." Nalisema hili kwa sababu watu wanachukulia kosa la Excel ni kosa la karatasi tu, na mimi nimeona msichana amekaa nyumbani siku nne analia kwa sababu ya alama mbili mwisho wa namba.

## Excel au programu: tulivoamua

Bi mkubwa bado alitaka programu, na si jambo baya. Tukamwita muuzaji atuonyeshe, nikamuomba kitu kimoja tu: auze mabati kwa mkopo kwenye mfumo wake, halafu aifute ile ankara mbele yetu, halafu atuonyeshe mfumo umeacha alama gani kwamba ankara ilikuwepo na nani kaifuta. Akaifuta. Ankara ikaondoka, na hata namba yake ikatumika tena kwa ankara iliyofuata. Nikamuuliza orodha zote zinaweza kutoka kwenda Excel siku tukitaka kuhama, akasema zinaweza kuchapishwa kwenye karatasi. Hapo bi mkubwa mwenyewe akasema basi huu ni sawa na daftari la penseli.

Kwahivo usiwaulize wanaouza programu kama inazuia wizi, waombe wafute kitu mbele yako.

Lakini hata programu nzuri tusingeiweza mwezi ule, na sababu ni ya kawaida tu. Programu ya hesabu inataka siku ya kuanza uipe ulicho nacho chote: pesa taslimu iliyohesabiwa, salio la benki, salio la simu, stoki iliyohesabiwa pamoja na bei uliyonunulia, kila anayedaiwa na kiasi chake, kila anayekudai wewe na kiasi chake. Sisi tulikuwa na pesa taslimu peke yake. Madeni yalikuwa kwenye madaftari matatu, mengine yameshalipwa na hayajakatwa, na stoki hakuna aliyeihesabu tangu faili lianze. Ukiingiza salio la uongo siku ya kwanza, programu italibeba mwaka mzima kwa adabu na ripoti nzuri zenye rangi, na kuja kulitoa baadae ni kazi kubwa kuliko kulirekebisha kwenye Excel.

Tukaamua hivi: miezi minne tubaki Excel lakini tufunge mianya, ndani ya miezi hiyo tuhesabu stoki na tusafishe madeni, halafu tuhamie programu tarehe mosi ya mwezi. Sababu ya kuhama ipo na ni mbili. Kuna sehemu mbili zinazouza na watu zaidi ya mmoja wanaoingiza, na kuna wadaiwa zaidi ya sabini. Kwenye Excel mtu akibadilisha namba ya juzi hakuna anayejua, na orodha ya wadaiwa sabini inayoongezwa na kupunguzwa kwa mkono inachoka mapema. Lingekuwa ni duka moja, mtu mmoja, pesa mkononi, wallahi ningemwambia bakia Excel wala usitoe shilingi.

Tulitazama programu kadhaa. Manager ile ya kwenye kompyuta ni bure na inafanya kazi bila ya intaneti, ina tarehe ya kufunga hesabu ili ya nyuma yake yasiguswe na inaweka historia ya mabadiliko, ila haina watumiaji tofauti wenye ruhusa tofauti, hilo utalipata kwenye toleo lake la seva au la mtandaoni la kulipia. Kwa duka la mtu mmoja ningeichagua bila kufikiri mara mbili. QuickBooks Online ina kumbukumbu ya nani kafanya nini ambayo huwezi kuizima, na inakuruhusu kufunga miezi iliyopita kwa pasiwedi, lakini ni ya kulipia mwezi kwa mwezi na bila ya intaneti husogei. Mwisho tulichukua moja ya mtandaoni ya kulipia kwa sababu ya lile tawi, sitoitaja kwa sababu uamuzi ule ulitokana na hali ya duka lile, la kwako linaweza kuwa jengine.

## Vizuizi tulivoweka kabla ya kununua kitu

Cha kwanza hakikuwa ndani ya kompyuta. Tulichapisha vitabu vya risiti vyenye namba, nakala tatu, kitabu cha dukani kinaanza na namba zake na cha tawini namba zake. Hakuna mzigo unaotoka bila ya risiti, hata wa mkopo, hata wa bi mkubwa mwenyewe akitaka rangi ya kwake. Risiti ikiharibika haichanwi, inapigwa mstari na nakala zote tatu zinabaki kitabuni. Kwenye Excel mauzo ya tawini yakawekwa shiti yake peke yake ili namba zisichanganyike, safu ya kwanza ikawa namba ya risiti, na pembeni fomula hii:

```
=IF(OR(A3="",A3=A2+1),"","NAMBA IMERUKA")
```

Cha pili ni kuhesabu droo kila jioni. Hapa mpangilio ndio wenye maana. Keshia na muuzaji mmoja wanahesabu pesa, wanaandika kwa kalamu kwenye karatasi, wanasaini, na hapo tu ndipo mpwa anafungua laptopu kuona faili linasema ngapi. Wakijua jibu kabla ya kuhesabu, hesabu itafika kwenye jibu, watu ndivo tulivo. Tuchukue siku moja ya wiki ya kwanza. Droo ilianza na 100,000 ya chenji, mauzo ya taslimu 1,840,000, deni lililolipwa taslimu 300,000, wakatoa 85,000 ya makuli, wakapeleka benki 1,900,000. Inatakiwa ibaki 255,000. Walihesabu 205,000. Kwa sababu ilikuwa jioni ileile, muuzaji akakumbuka kijana wa gari alipewa 50,000 ya mafuta na haikuandikwa. Kosa hilohilo likigunduliwa mwisho wa mwezi lingekuwa kesi ya wizi nyengine.

Mauzo ya taslimu ya siku yanatoka shiti ya mauzo kwa fomula hii, tarehe ikiwa kwenye `B1`, na kwa kuwa inataka neno `Taslimu` waziwazi, mkopo hauwezi tena kujifanya pesa:

```
=SUMIFS(Mauzo!F:F,Mauzo!E:E,"Taslimu",Mauzo!B:B,B1)
```

Safu ya njia ikawa ya kuchagua kwenye orodha, taslimu, benki, simu au mkopo, kupitia `Data Validation`. Safu ya kiasi inakubali namba nzima tu. Na kwa wale wanaopenda kuona `/=` yao, tukaiweka kwenye umbo la seli ili ionekane bila ya mtu kuiandika:

```
#,##0"/="
```

Angalizo moja, `Data Validation` inamzuia anayeandika lakini haimzuii anayekopi na kubandika, kwahivo ile fomula ya kuhesabu seli za maneno tuliibakisha juu ya shiti. Na `Protect Sheet` tuliitumia pia ili mtu asifute fomula kwa bahati mbaya, ila isikudanganye, anayetaka kweli kuitoa ataitoa.

Cha tatu, anayeingiza hesabu si anayezilinganisha. Taarifa ya benki na taarifa ya lipa namba anazichukua binti wa bi mkubwa moja kwa moja, si kwa picha aliyotumiwa na mpwa, na kila mstari anautafuta kwenye faili na kuutia alama. Picha ya meseji ya malipo kutoka simu ya mteja haikubaliki kabisa, mzigo unatoka pesa ikionekana kwenye simu ya duka.

Cha nne ndio nilichokipenda zaidi na bi mkubwa alikitunga mwenyewe. Mwezi ukishafungwa, faili linatolewa kama pidiefu, na yeye anaandika kwenye kijidaftari chake jumla tatu: mauzo, matumizi, madeni. Kijidaftari anakaa nacho nyumbani. Mwezi ujao kabla ya kufunga anafungua mwezi uliopita na kusoma zile jumla kwenye skrini. Zikiwa si zilezile, mtu kagusa mwezi uliofungwa. Excel haina kufuli ya maana lakini ile karatasi yake imefanya kazi ya kufuli.

Kosa likionekana kwenye mwezi uliofungwa halifutwi. Linaandikwa mstari mpya leo wa kulirudisha, na maelezo ya risiti gani inarekebishwa.

## Kilichotokea baadae

Ramadhani ilikwenda vizuri, wiki ya mwisho kabla ya sikukuu ikaharibika. Duka lilijaa, watu wanamalizia nyumba na wanapaka rangi, na kuhesabu droo kukasimama siku tisa. Walipohesabu tena kulikuwa na upungufu wa 140,000 na hakuna aliyeweza kusema ni wa siku ipi. Tuliliandika kama tofauti, na tukapunguza kazi: siku za pirika karatasi ni mistari minne tu, kilichoanza, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Tangu hapo haijasimama.

Mwezi wa pili ile fomula ya namba ikaonyesha tawini zimeruka risiti tatu. Kijana akaulizwa kwa heshima, akaleta kitabu, nakala zote zimo, zimepigwa mstari, mteja alirudisha mabomba. Hakuwa amekosea, ila hakuwa ameambiwa kwamba risiti zilizofutwa nazo zipigwe picha. Kosa lilikuwa letu.

Kuhesabu stoki ndio kulikotutesa. Usiku wa kwanza tuliona saruji sawa, rangi sawa, misumari ya kwenye faili imepungua vibaya kuliko iliyopo. Tukatazama vizuri, misumari inanunuliwa kwa katoni na kuuzwa kwa kilo, na faili linatoa katoni moja kila kilo moja ikiuzwa. Nondo nazo zinaingia kwa tani na kutoka kwa kipande. Ilibidi tuchague kipimo kimoja kwa kila bidhaa, kile cha kuuzia, na kila mzigo ukiingia ugeuzwe kwanza. Baada ya hapo hatukuhesabu duka zima tena, kila Alkhamisi bidhaa tano zinahesabiwa, zile ghali zinarudi mara nyingi zaidi.

Tarehe mosi ya mwezi wa tano tangu tuanze tukahamia programu. Wiki ya kwanza likatokea la kodi: programu ilikuja na VAT ya asilimia 18, ya Bara, na hapa kwetu ni 15. Kwenye bei ya 115,000 iliyokwisha kujumuisha kodi, kodi ya 15 ni 15,000 kamili, mfumo ukatoa 17,542. Tulirekebisha kabla ya ritani haijaenda. Na programu haikuondoa risiti za kielektroniki za ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, zile zinaendelea kutoka kama kawaida, na tukapata faida ambayo hatukuitegemea, jumla ya risiti hizo kwa siku ikawa kitu chengine cha kulinganisha na mauzo ya kwenye mfumo.

La pili lilikuwa zito zaidi. Mpwa alimtengenezea keshia akaunti, lakini pasiwedi ikaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini ya kaunta, ili akienda kusali wengine waendelee kuuza. Mwezi wa pili wa programu ankara moja ya wiki iliyopita ikabadilishwa tarehe na kiasi, 260,000 ikawa 200,000. Kumbukumbu ya mfumo ikasema wazi: keshia, saa saba na dakika kumi mchana. Saa hiyo keshia alikuwa msikitini. Alikuja kwangu, hakupiga kelele, akasema, "Kaka, safari hii jina langu limeandikwa kabisa." Muuzaji mmoja alikiri siku ileile, alimpunguzia mteja bei baada ya kulalamika na hakujua afanyeje, pesa 60,000 alimrudishia na mteja akathibitisha. Kila mtu akapewa akaunti yake, wauzaji wakaondolewa ruhusa ya kuhariri ankara iliyokwisha kulipwa, na tarehe ya kufunga ikawa inasogezwa kila Jumatatu na bi mkubwa peke yake.

## Nikilitazama sasa

Kilichofanya kazi zaidi ni vitu vilivo nje ya kompyuta, kitabu cha namba, karatasi ya droo na kijidaftari cha bi mkubwa, na vyote vitatu vilihamia programu bila ya kubadilika. Programu imeongeza mambo mawili ya kweli: wadaiwa wanajikata wenyewe wanapolipa, na msimu wa karafuu ulipofika orodha ilitoka kwa dakika moja, nani anadaiwa tangu lini, na kila badiliko lina jina. Lakini jina hilo lina maana tu kama pasiwedi ni ya mtu mmoja. Kumbukumbu ya mfumo yenye pasiwedi ya pamoja ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu inamtaja mtu kwa uhakika ambao haina.

Kosa langu mimi ni kuchelewesha stoki. Ningeianza wiki ya kwanza badala ya mwezi wa pili tungehama mapema, na ningeuliza vipimo kabla ya kuhesabu tusingepoteza usiku mzima kwenye misumari. Kosa jengine, tuliweka vizuizi kwa dukani na tawi tukaliachia picha za WhatsApp. Kijana wa tawini bado anauza, anapokea na anahesabu mwenyewe. Hilo halijatatuliwa. Kumuweka mtu wa pili hakulipi, kwahivo kwa sasa bi mkubwa anapanda daladala siku yoyote bila ya kusema, anafika, anahesabu droo na bidhaa tatu, anarudi. Intaneti ya kule ikikata anaandika kitabuni na asubuhi namba zinaingizwa kwa mpangilio, na fomula ile ya namba iliyoruka tumeibakisha kwenye Excel kwa ajili yake tu.

Ile 185,000 ipo mpaka leo. Mpwa alitaka kuiingiza kwenye matumizi mengineyo ili ripoti ionekane safi, bi mkubwa akakataa. Imeandikwa kwenye mstari wake peke yake, "tofauti ya pesa taslimu, haijulikani", na tarehe, na saini yake.